Nilivyokagua ukumbi kwa ajili ya wazee, viti mwendo, chakula na swala

Tulipounda kamati ya kumuaga mwalimu wetu mkuu aliyekuwa anastaafu hapa Tanga, mimi nilipewa kazi ambayo kwenye muhtasari wa kikao iliandikwa kwa maneno manne tu: wageni wenye mahitaji maalumu. Wageni walioalikwa walikuwa 320, na wengi wao walikuwa walimu wastaafu waliofundisha naye tangu ujana wake. Ukumbi ulikuwa umeshalipiwa malipo ya awali kabla hata sijakabidhiwa kazi hiyo, kwa hiyo suala la kutafuta ukumbi mwingine halikuwepo. Nililazimika kuutengeneza huo huo.

Nilianza na simu, na siku ya kwanza niliikosea. Nilikuwa nikiuliza, "Je, una ulemavu wowote tunaopaswa kuujua?" na karibu kila mzee alinijibu kwamba yeye ni mzima, alhamdulillahi, au kwamba anamshukuru Mungu. Mzee wa miaka 78 anayetembea kwa mkongojo hajihesabu kuwa mlemavu, na pengine huliona swali lenyewe kuwa la kumvunjia heshima. Siku ya pili nilibadilisha swali. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilieleza kwamba mlangoni pana ngazi tatu, kisha nikauliza kama angependa mtu wa kumshika mkono; nikauliza anakuja na usafiri gani, anatumia dawa zinazotaka ale saa maalumu, na kama kuna chakula asichokula. Kwa maswali hayo nilipata watu watano wanaotumia viti mwendo, kumi na mmoja wenye fimbo au mikongojo, na tisa wenye kisukari, ambao wanne kati yao walikuwa wale wale walioniambia jana yake kwamba ni wazima.

Meneja wa ukumbi alikuwa ameihakikishia kamati kwamba jengo lake linafikika kwa wote. Nilipokwenda nilichukua futi ya fundi na kiti mwendo nilichoazima kwa jirani. Kweli kulikuwa na rampu ya zege kando ya ngazi, lakini ilijengwa kwa ajili ya kupandishia makreti ya soda na spika. Ngazi zilikuwa tatu, kila moja ina kimo cha sentimita 16, yaani jumla sentimita 48, na rampu yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 2 na sentimita 40. Maana yake ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda ilipewa sentimita tano tu za kwenda mbele, ilhali kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 kwa kila moja. Sikutaka kubishana na meneja kwa hesabu. Nilikaa kwenye kiti nikajaribu kupanda mwenyewe, na nilipofika katikati magurudumu madogo ya mbele yaliinuka, kiti kikaanza kunilaza kinyumenyume mpaka mlinzi akanidaka. Mtu anayesukumwa na kijana mwenye nguvu angeweza kupanda, lakini wakati wa kushuka uzito wake wote ungemsukuma mbele.

"Msijali," meneja akasema, "vijana wapo, tutawabeba." Jibu hilo nilikuwa nimeshalisikia upande wa pili. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyenifundisha hesabu darasa la sita, alikuwa ameniambia kwenye simu: "Mwanangu, kama ni kubebwa kama gunia la mchele mbele ya wanafunzi wangu, nitakutumia salamu tu." Kulikuwa na mlango wa nyuma usio na ngazi, lakini ulipitia jikoni, katikati ya majiko na wapishi. Kwangu mimi hilo nalo halikuwa jibu, kwa sababu mgeni aliyepewa kadi anapaswa kupita mlango ambao wenzake wanapita.

Kwa sentimita 48, rampu inayofaa ilihitaji mita 5 na sentimita 76. Kutoka kwenye kizingiti hadi yanapoegeshwa magari palikuwa na mita zaidi ya nane, kwa hiyo nafasi ilitosha. Seremala mmoja, naye mwanafunzi wa zamani wa mwalimu, alitengeneza fremu za mbao na kuzifunika kwa plaiwudi nene, upana mita 1 na sentimita 20, akaziegemeza juu ya upande wa kulia wa ngazi ili upande wa kushoto ubaki kwa wanaopanda kwa miguu. Kandokando aliweka ubao wa kuzuia gurudumu lisitoke nje, na upande mmoja akaweka mhimili wa kushika. Mwenzetu wa mapambo alitaka kuitandika zulia jekundu. Nilikataa, kwa sababu zulia hukunjika chini ya magurudumu madogo na kumkwamisha mwenye fimbo; badala yake tulipaka rangi, na kabla haijakauka tukainyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa ili pasiteleze. Nilipoijaribu kwa kile kiti cha jirani, nilifika juu bila msaada, ingawa nilihema.

Choo kilikuwa na shida ndogo zaidi kwa macho na kubwa zaidi kwa kweli. Mlango wa choo cha wageni ulikuwa na upana wa sentimita 60 na kile kiti kina sentimita 64. Ofisi ya meneja, hata hivyo, ilikuwa na choo chake chenye mlango wa sentimita 80 na nafasi ya kiti kugeuka kwa taabu kidogo. Tuliomba kikae wazi usiku ule, tukafunga mhimili wa mbao ukutani, tukaondoa ndoo na mifagio iliyokuwa imehifadhiwa humo, na ufunguo akakaa nao mtu mmoja aliyevaa fulana ya njano ili aonekane.

Upande wa ratiba, kamati ilikuwa imepanga mgeni rasmi aingie saa 12 na nusu jioni. Sherehe ilikuwa Jumamosi katikati ya Julai, na kwa Tanga wakati huo jua huzama takriban saa 12 na dakika 25. Ingekuwa magharibi kabisa, na zaidi ya nusu ya wageni walikuwa Waislamu. Tena kulikuwa na walimu saba Wasabato ambao walinieleza kwa upole kwamba Sabato yao haimaliziki mpaka jua lizame siku ya Jumamosi, na wasingetoka nyumbani kabla ya hapo. Jua lile lile lilinitatulia mambo mawili. Tulisogeza ufunguzi hadi saa 1 na dakika 10 usiku: Waislamu wakapata nafasi ya kuswali magharibi bila kuharakishwa, na Wasabato wakapata nafasi ya kufika bila kuchelewa.

Chumba cha swala tulikipata nyuma ya jukwaa, tukakigawa kwa pazia kati ya wanaume na wanawake. Mfanyakazi alikuwa ameshabandika mshale wa kibla kwa kutumia dira ya simu, akiwa amesimama karibu na dirisha lenye nondo, na chuma hupotosha dira. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kwa mtu aliyeko Tanga, ikiinama mashariki kidogo sana, ilhali mshale ule ulielekea kaskazini magharibi. Nilitoka nje nikatazama msikiti wa jirani ulivyoelekea, nikarudi kuubandika upya. Udhu ndio uliohitaji fikra zaidi. Mzee hawezi kuinua mguu mpaka kwenye sinki, na akiweza, maji yanayomwagika kwenye vigae ni hatari kuliko ngazi zote tatu. Tuliweka nje, juu ya changarawe, viti vinne vya plastiki, ndoo zenye bomba na makopo, pamoja na taulo. Ndani tuliweka viti visivyo na mikono mwishoni mwa kila safu kwa wasioweza kusujudu chini.

Kwa mpishi nilijifunza kutouliza swali la ndiyo au hapana. Wageni wawili, majirani Wahindu wa shule yetu, hawali nyama wala mayai, wala kitunguu wala kitunguu saumu. Mpishi aliniambia wali wa mboga upo. Nikamwomba anieleze anavyoupika, hatua kwa hatua, tangu sufuria inapobandikwa. Hatua ya tatu ilikuwa kumimina supu ya ng'ombe "ili upate ladha". Hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye nyama ni kipande kinachoonekana. Tulikubaliana apike wali wa jira, dengu za tangawizi na nyanya, na bamia, mapema kabla ya nyama kuingia jikoni, na mmoja wa wageni hao akatuazima sufuria zake mwenyewe. Meza yao ilikuwa na upawa wake, uliofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza usihame.

Kuku na ng'ombe walichinjwa na mtu anayefahamika msikitini, na kamba na pweza niliwaondoa kwenye orodha, kwa sababu Wasabato hawali wa baharini wasio na magamba na mapezi. Changu wa kukaanga aliwatosha wote. Bia ilizua mjadala mrefu kuliko ngazi. Waliotaka iwepo waliruhusiwa, ila kwenye kibanda cha nje chenye barafu yake na glasi zake, maana desturi ya kutumbukiza bia na soda kwenye pipa moja huwafanya wengi wasiguse chochote.

Mshereheshaji alikataa katakata chakula kutangulia hotuba, kwa hoja kwamba watu wakishakula huondoka, na sikuweza kusema anakosea. Lakini mtu aliyekunywa dawa ya sukari saa 12 hawezi kusubiri hadi saa 3. Tukakubaliana kwamba meza za wazee zihudumiwe saa 1 na nusu, na meza nyingine baada ya hotuba ya mgeni rasmi. Meza hizo zilipangwa mbele, kama heshima inavyotaka, ila upande usio na spika, kwa kuwa mzee asiyesikia vizuri akikaa mita mbili kutoka kwenye spika hasikii hotuba, anasikia mtetemo tu.

Usiku wenyewe mambo yalikwenda, isipokuwa chumba cha wanawake kilikuwa kidogo na walilazimika kuswali kwa zamu tatu, na gari la mgeni mmoja mkubwa liliegeshwa mbele kabisa ya rampu, ikachukua dakika kumi kumpata dereva. Mwalimu wangu wa hesabu alipanda mwenyewe, akisimama mara moja katikati kupumzika na kunisalimia kwa sauti kubwa.

Kasoro niliyoijutia ilijitokeza saa 5 usiku, watu walipoanza kutoka. Rampu ilikuwa giza totoro. Tulimsogeza dereva wa Noah awashe taa zake kuelekea mlangoni, na viti vyote vitano vikashuka katika mwanga huo, kimoja kimoja. Taa ilikuwepo ukutani juu ya mlango muda wote. Balbu yake ilikuwa imeungua, nami sikuwahi kuiwasha, kwa kuwa mara zote nne nilizokwenda kukagua nilikwenda mchana.