Uzio uliokuwa ukimeta: nilivyolainisha kingo za gemu kupitia draiva

Nina gemu moja la mbio za magari, la enzi za DirectX 9, toleo la zamani la mfumo wa Windows ambao magemu hutumia kuchorea, ambalo nalipenda kuliko mengi yaliyotoka baadaye. Kitu kimoja kilinisumbua muda mrefu: uzio wa waya uliopo kandokando ya barabara. Gari likianza kutembea, nyuzi za ule uzio zilikuwa zikikatika na kuungana, zikimeta kama wadudu wanaotambaa. Nguzo za taa na kingo za mapaa nazo zilikuwa na meno kama ya msumeno. Kwenye menyu ya gemu nilikuta kipengele kimoja cha kulainisha kingo, nikakiweka 4x, nikarudi barabarani. Nguzo zikanyooka, mapaa yakatulia. Uzio haukubadilika hata kidogo.

Nilishindwa kuelewa kwa nini dawa moja iponye nguzo na iache uzio. Jibu nililipata nilipofuatilia namna kadi ya michoro inavyoamua rangi ya pikseli moja.

Pikseli hubeba rangi moja tu. Bila kulainisha, kadi huangalia nukta moja katikati ya pikseli: nukta ikiangukia ukutani, pikseli nzima ni ukuta, ikiangukia angani, pikseli nzima ni anga. Ukingo ulioinama kidogo unageuka ngazi kwa sababu hakuna jibu la katikati. MSAA, ambayo ndiyo ile 4x ya kwenye menyu ya gemu langu, huweka nukta nne ndani ya pikseli na kuuliza kila moja kama umbo limeifunika. Tuseme ukuta una mwangaza wa 200 na anga 100. Nukta tatu zikiwa ukutani na moja angani, pikseli inapata 700 gawa kwa 4, yaani 175. Jicho linaona mteremko mahali palipokuwa na ngazi.

Ila MSAA inabana matumizi mahali fulani, na ndipo uzio wangu ulipoponyoka. Nukta nne huulizwa swali la kufunikwa tu. Rangi ya umbo hukokotolewa mara moja kwa pikseli, kisha hugawiwa nukta zote zilizofunikwa. Kwa ukuta mzima hilo halina madhara. Uzio wa kwenye gemu, hata hivyo, haujajengwa kwa nyuzi. Ni bapa moja pana lililobandikwa picha ya waya, na matundu yake yametobolewa na picha yenyewe: mahali picha inaposema pana uwazi, gemu hutupa rangi na kuacha mandhari ya nyuma yaonekane. Uamuzi huo wa kutupa au kubakiza hufanyika pamoja na hesabu ya rangi, kwa hiyo nao ni mara moja kwa pikseli. Nukta zote nne hupewa jibu lile lile. Kingo za bapa zinalainika, lakini kingo za waya ziko katikati ya bapa, ambako MSAA haioni ukingo wowote. Majani ya miti na nyasi kwenye magemu mengi hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, ndiyo maana nayo humeta.

Kabla sijaelewa hayo nilikuwa nimejaribu njia ya mkato. Nilifungua NVIDIA Control Panel, paneli ya mipangilio ya draiva ya kadi yangu, nikaenda `Manage 3D settings`, nikawasha `Antialiasing - FXAA`. FXAA haijui chochote kuhusu maumbo. Inasubiri picha ikamilike, inatafuta mahali rangi zinapobadilika ghafla, kisha inazichanganya. Ni nyepesi sana kwa kadi, na gari likiwa limesimama uzio ulionekana umepoa. Gari lilipoondoka, kumeta kukarudi. Waya uliokuwa mwembamba kuliko pikseli ulikuwa umeshapotea kwenye picha kabla FXAA haijaiona, na isichokiona haiwezi kukirudisha. Mdogo wangu aliyekuwa ameketi pembeni akaniuliza, "Kaka, mbona namba za spidi zimefifia?" Aliona sawasawa. FXAA ikilazimishwa na draiva hupita juu ya picha yote, pamoja na maandishi, kwa kuwa herufi nayo ni mahali rangi inapobadilika ghafla. Nikaizima.

Kilichonifaa ni kipengele kilichopo karibu na hapo, `Antialiasing - Transparency`. Kinashughulikia yale mabapa yaliyotobolewa na picha. Ukichagua `Multisample`, uwazi wa picha hutumika kuamua ni nukta ngapi zihesabiwe kuwa zimefunikwa. Ni nafuu, ila matokeo yake kwangu yalikuwa na chengachenga. Ukichagua `4x (supersample)`, ile hesabu ya kutupa au kubakiza hurudiwa kwa kila nukta, kwa mabapa hayo tu, na sehemu nyingine ya picha inabaki kwenye MSAA ya kawaida. Sharti lake ni kwamba MSAA iwe inafanya kazi. Ikiwa imezimwa, kipengele hiki hakina nukta za kufanyia kazi.

Nilifanya hivi. Ndani ya gemu niliacha 4x ikiwa imewashwa. Kwenye paneli nilichagua kichupo cha `Program Settings` ili mabadiliko yahusu gemu hili peke yake, nikabonyeza `Add` na kuchagua faili la gemu. `Antialiasing - Mode` nikaiweka `Enhance the application setting`, na hapo ndipo `Antialiasing - Setting`, iliyokuwa imefifia isibonyezeke, ikafunguka, nikaiweka 8x. `Antialiasing - Transparency` nikaipa `4x (supersample)`. Nikabonyeza `Apply`, nikawasha gemu.

Hakikubadilika kitu.

Nilipoteza jioni nzima hapo, nikibadilisha namba huku na kule, wakati kosa halikuwa kwenye namba. Faili nililoongeza lilikuwa la kidirisha cha kuanzishia, kile kinachofunguka kwanza chenye kitufe cha kucheza. Gemu lenyewe ni faili jingine, linaloitwa na kidirisha hicho kisha kidirisha kinajifunga. Draiva ilikuwa ikitii mipangilio yangu kikamilifu, kwa programu isiyochora hata uzio mmoja. Niligundua nilipoacha gemu likiendelea, nikafungua Task Manager, nikaangalia kichupo cha `Details` na kusoma jina la faili lililokuwa likiila kadi. Nililiongeza hilo, nikaweka mipangilio ile ile, nikafunga gemu kabisa na kulifungua upya, maana mipangilio hii husomwa gemu linapoanza.

Safari hii uzio ulitulia. Waya za mbali ziligeuka ukungu mwembamba wa kijivu, kama zinavyoonekana kwa macho ukiwa mbali na uzio wa kweli, na zile za karibu zikawa nyuzi zilizonyooka. Fremu zilishuka kutoka karibu 110 kwa sekunde hadi 85 hivi, na zilishuka zaidi pale miti ilipojaa skrini, kwa sababu kila jani sasa linahesabiwa mara nne. Kwa skrini yangu ya herezi 60 hasara hiyo sikuihisi.

Macho hudanganyika ukitaka sana kuona mabadiliko, kwa hiyo nilijiwekea kipimo. Napiga picha ya skrini gari likiwa limesimama mahali pale pale, naifungua kwenye Paint na kuikuza hadi 800%, ambako kila pikseli inaonekana kama mraba. Ukingo usiolainishwa una rangi mbili tu zinazopakana. MSAA ya 4x huleta vivuli vya kati visivyozidi vitatu, vya nukta moja, mbili au tatu. Nikikuta vivuli kwenye nguzo lakini waya wa uzio una rangi mbili tupu, najua MSAA inafanya kazi na Transparency haijashika. Kama herufi nazo zimepata vivuli ambavyo hazikuwa navyo, FXAA imewashwa mahali fulani.

Kuhusu `Mode`, tofauti kati ya `Enhance` na `Override any application setting` inafaa kuieleza. `Override` inamaanisha draiva inaanzisha ulainishaji yenyewe, na ndani ya gemu unauzima. `Enhance` inamaanisha gemu linaanzisha, draiva inaongeza idadi ya nukta tu, kwa hiyo ndani ya gemu lazima uwe umewashwa. Mimi napendelea `Enhance` kila gemu linapokuwa na kipengele chake, kwa sababu gemu linajua ni picha zipi zinahitaji nukta nyingi na zipi ni za hesabu za pembeni. `Override` naiachia magemu ya zamani yasiyo na kipengele kabisa. Wenye kadi za AMD watakuta chaguo hizo mbili za kuongeza au kulazimisha, na ile inayofanya kazi kama Transparency huko inaitwa `Adaptive multisampling`.

Kwa furaha ya ushindi huo nilihamia gemu jingine, jipya zaidi, la DirectX 11, nikaweka `Override` na 8x. Hakuna kivuli hata kimoja kilichotokea, na safari hii faili lilikuwa sahihi. Kuanzia DirectX 10, gemu lenyewe ndilo linalopaswa kutangaza, wakati linapoandaa sehemu ya kuchorea, kwamba sehemu hiyo ina nukta nyingi, na programu zinazoisoma baadaye huandikwa kwa kutegemea tangazo hilo. Draiva ikibadilisha kimyakimya, usomaji unavunjika. Tena magemu mengi ya aina hiyo huhifadhi kwanza umbali, mwelekeo wa uso na rangi kwenye picha tofauti, kisha hukokotoa mwanga mwishoni. Ukichukua wastani wa mwelekeo wa ukuta na mwelekeo wa sakafu unapata mwelekeo wa uso usiokuwepo popote, na mwanga wake unakuwa wa uongo.

Kwa gemu hilo nilitumia njia isiyohitaji ridhaa ya gemu: kuchora picha kubwa kisha kuipunguza. Kwenye `Global Settings` nilifungua `DSR - Factors` na kuchagua `4.00x`. Namba hiyo huhesabu pikseli zote, si urefu wa upande, kwa hiyo skrini ya 1920×1080 inachorewa picha ya 3840×2160, na kila pikseli nne zinakuwa moja. Kwa kuwa zinagawanyika kamili, `DSR - Smoothness` niliishusha kutoka 33% hadi 0%, ili isiongeze ukungu usiohitajika. Kisha ndani ya gemu nikachagua 3840×2160, ambayo sasa ilikuwa imeongezeka kwenye orodha. Hapa kila kitu kinalainika, waya, majani na hata mng'ao wa chuma chenye unyevu, ila kadi inachora pikseli mara nne, na maandishi ya gemu yakawa madogo mno kwa sababu gemu liliamini skrini ni kubwa. Kipimo changu cha Paint pia hakifai hapa: picha ya skrini hutoka ikiwa ya 3840×2160, kabla haijapunguzwa, kwa hiyo meno yake bado yanaonekana.

Fremu ziliposhuka chini ya 40 nilirudi kwenye `2.25x`, yaani 2880×1620, nikairudisha Smoothness kwenye 33% kwa kuwa pikseli hazigawanyiki kamili tena. Hapo ndipo gemu hilo lilipo hadi leo. Lile la magari limebaki na 8x yake na Transparency, na uzio haumeti.