Vita ya riwaya yangu nilivyoikuta kisimani

Riwaya yangu iko kwenye nchi ya kubuni na ilikuwa inahitaji vita, ila ile ya wafalme wawili kuchukiana tu bila kueleweka sikuitaka. Basi nikachukua karatasi kubwa na penseli nikachora pwani, bahari iko mashariki, afu kabla sijaweka mji hata mmoja nikaweka upepo. Nikakopa wa kwetu: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi inaleta majahazi, kusi ikianza Aprili inayarudisha, na ikifika Juni na Julai kusi inachachamaa, nahodha mwenye akili hatoki bandarini.

Ikafuata milima, nikaiita Ndoro, imelala sambamba na pwani. Upepo wa bahari ukiupanda mlima unapoa unamwaga mvua upande huohuo wa baharini, ng'ambo ya pili unashuka mkavu. Aliyewahi kupita Same akaona miiba ile chini wakati juu milimani Upare kumestawi anajua nasemea nini. Kwa hiyo mashariki ya Ndoro nikapata migomba na watu waliobanana, magharibi nyika na wafugaji. Huko nyikani nikaweka ziwa lisilo na mto wa kutokea, maji yanakaushwa na jua chumvi inabaki. Yaani hapo biashara ishajileta yenyewe: nyika ina chumvi na pembe za ndovu, milima ina chakula, bandari ya Pwasi ina nguo na shanga za ng'ambo.

Sasa vita iko wapi? Nilichofanya ni kuufuata mzigo kwa kidole kwenye ramani huku nashika kalenda. Msafara wa wapagazi unatembea kama kilometa 15 hadi 20 kwa siku, na pembe lazima ziwe Pwasi kabla majahazi hayajageuza na kusi. Nikahesabu kurudi nyuma, nikaona msafara unakatiza nyika Januari na Februari, hauna namna. Na Januari na Februari ndo ule ukavu kati ya vuli na masika, malambo yote yameshakauka, wafugaji wote wamekusanyika kwenye visima vichache visivyokauka. Cha mwisho kabla ya kupanda Mlango wa Keru, ile njia pekee ya kuvuka Ndoro, ni kisima cha Dagaro. Nikaacha kutafuta.

Hapo nikapiga hesabu maana nilitaka kuona ugomvi wenyewe unaanzaje. Ng'ombe kwenye joto lile anakunywa kama lita 40 kwa siku, kundi la 250 linataka lita 10,000. Msafara wa watu 300 na punda 100, nikiwapa watu lita 5 kila mmoja na punda lita 20, ni lita 3,500. Maji yanavutwa kwa ndoo ya lita 10, tuseme ndoo moja kwa dakika, msafara peke yake umekalia kisima karibu saa sita, na kundi lenyewe linataka saa kumi na sita na ushee. Haviingii kwenye mchana mmoja! Sasa mwenye kisima akidai nguo ndo awaachie zamu, na kiongozi wa msafara ana haraka ya majahazi, mtu wa kwanza kuchomwa mkuki atachomewa kwenye foleni.

Ila kuna swali ambalo huwa linaua vita nyingi za kubuni: je, mfanyabiashara anaweza kuzunguka? Mirambo mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa, na Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone akazungukia kusini akafika. Kwangu kulikuwa na bonde la mto kaskazini mwa Ndoro, msafara ungepita huko kiulaini, na Dagaro ingebaki kisima cha ng'ombe tu. Sikulifuta. Nikalijaza miti na mbung'o, binadamu na mzigo kichwani anapita, punda na ng'ombe wanakufa kwa nagana. Kwa hiyo tajiri mwenye wapagazi wengi anaweza kuwakwepa watu wa Dagaro na mwenye punda hawezi, na hapo wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe wakagawanyika, kitu ambacho sikuwa nimekipanga kabisa na nimekipenda kuliko vita yenyewe.

Nani anashinda ramani haisemi, hilo nimeamua mwenyewe kwa tabia za watu. Ramani imenipa mahali na mwezi. Masika yakianza kila mtu anatawanya ng'ombe wake, maji yapo kila mahali na kugombea kisima hakuna maana, kwa hiyo sura za mapigano zote nimezibana kabla ya Machi, na mkuu wa Dagaro anajua fika akichelewesha mazungumzo mpaka mvua inyeshe hana tena cha kuuza.