Mayai matano, majibu mawili

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni Morogoro, wenzangu wawili walipewa mayai matano ya banda moja wakokotoe varianzi ya uzito wake, wakaleta majibu mawili. Gramu zilikuwa 52, 55, 57, 58 na 63. Wastani ni 57, hapo hapakuwa na ubishi. Mikengeuko ni -5, -2, 0, 1 na 6. Ukiipeleka kwenye kipeo cha pili na kujumlisha, unapata 66. Mmoja aligawa kwa 5 akapata 13.2, yaani mkengeuko sanifu wa gramu 3.63. Mwenzake aligawa kwa 4 akapata 16.5, sawa na gramu 4.06. Kikokotoo kilikuwa kile kile, ila mmoja alisoma σx na mwingine sx.

Mwalimu aliuliza kwanza: “Mnataka kujua habari za mayai haya matano tu, au za banda zima?” Kama ni haya tu, 5 ni sahihi. Kama ni banda, kuna kasoro, kwa sababu 57 imetoka kwa mayai hayo hayo, na hakuna namba nyingine inayoweza kuipa jumla ile udogo wa 66. Tuseme wastani wa kweli wa banda ni 59: jumla inapanda hadi 86. Kwa hiyo sampuli huficha sehemu ya mtawanyiko. Isitoshe, mikengeuko lazima ijumlishe sifuri. Ukishajua minne, wa tano hauna uhuru tena.

Bado tulitaka kujua kwa nini tupunguze moja na si mbili. Akaandika 2, 4 na 6 kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia. Varianzi ya kundi hilo zima ni 8 gawa kwa 3, karibu 2.67. Tukachora jedwali la sampuli zote za vikaratasi viwili, cha kwanza kikirudishwa kabla ya kuchomoa cha pili. Ziko 9. Tatu, kama 4 na 4, zina jumla ya miraba 0; nne, kama 2 na 4, zina 2 kila moja; mbili za 2 na 6 zina 8. Zote pamoja ni 24. Ukigawa kila jumla kwa 2, wastani wa varianzi zote tisa unakuwa 1.33, nusu tu ya ukweli. Ukigawa kwa 1, unakuwa 2.67 barabara. Kwangu mimi jedwali lile lilishinda uthibitisho wowote wa aljebra.

Kisha akatutaka tutafute vipeuo vya pili vya zile varianzi tisa za kugawa kwa 1. Wastani wake ulikuwa 1.26, ilhali mkengeuko sanifu wa kundi ni 1.63. Kupunguza moja hunyoosha varianzi; mkengeuko sanifu hubaki chini kidogo, hasa sampuli ikiwa ndogo hivyo.