Bao langu lilivyokubali kukaa kwenye simu ya ami

Gemu yangu ya bao ilikuwa na megabaiti 9 tu, nikaamini itakaa kwenye simu yoyote. Nilipompelekea ami yangu Wete, haikumaliza hata mchezo mmoja. Simu yake ina memori ya kazi ya gigabaiti 1. "Mwanangu, kila nikiteka kete, bao linanitoka," aliniambia. Hakuna ujumbe wa kosa wala onyo. Gemu inafunga ghafla na kumrudisha mwanzo wa simu. Kwenye simu yangu, yenye memori kubwa zaidi, haikufunga hata mara moja.

Kufunga kimyakimya namna hiyo, tena kwenye simu ndogo peke yake, mara nyingi ni dalili kwamba memori imejaa na Android imeamua kuiua programu. Nilichomeka simu ya ami kwa waya kwenye kompyuta, nikaandika:

```
adb shell dumpsys meminfo
```

Gemu yangu ilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya programu zinazokula memori, na mzigo wenyewe ulikuwa picha.

Nilikuwa nimechora mkono unaosambaza kete kwa picha 24 za PNG zinazofuatana, kila moja pikseli 1024 kwa 1024. Kwenye hifadhi, zote pamoja hazikufika megabaiti 2, kwa kuwa PNG hubanwa. Lakini ili simu ichore picha, lazima kwanza iifungue, na ikishafunguliwa kila pikseli inachukua baiti 4, hata iliyo tupu. 1024 mara 1024 mara 4 ni megabaiti 4. Zidisha kwa 24, unapata megabaiti 96 kwa ajili ya mkono tu! Na kioo cha ami kina upana wa pikseli 480, kwa hiyo ukubwa wote ule hata hakuuona.

Nikazifuta zote. Nikabakisha picha mbili, mkono uliofumba na uliofumbua, kila moja pikseli 256 kwa 256, ambayo ni robo megabaiti. Kazi ya kuusogeza mkono kutoka shimo hadi shimo nikauachia msimbo. Kete nazo nikachora komwe moja tu, gemu inairudia mara 64. Kwenye tableti mkono unaonekana na ukungu kidogo, na vidole havichezi kama zamani. Nimekubali hasara hiyo, maana ami sasa anacheza mpaka mtu afungwe.

Kwa kucheza na mtu wa mbali situmi picha ya bao wala hesabu ya mashimo. Natuma namba ya shimo, upande wa kwenda, na kama nyumba inalala au inasafiri. Simu ya pili inasambaza kete yenyewe kwa kanuni zilezile. Kanuni zikitofautiana, mabao mawili yanaachana bila mtu kujua, kwa hiyo simu hupeana kwanza namba ya toleo, na zisipolingana mchezo hauanzi.