Fundi alisema mfinyanzi, kumbe ni silti

Site yetu ya karibu na mto, kwenye mita moja tukakuta udongo wa kijivu, laini, fundi akasema huu mfinyanzi tu, mi nikaona hapana ngoja niushike kwanza.

Nikatoa vijiwe na mchanga mkubwa, nikaloweka nikakanda, nikausukuma kwa dole gumba utoke utepe, ukakatika hata sentimita mbili haujafika, wakati mfinyanzi wa kweli unapita tano. Bado sikuridhika maana maji yakizidi au yakipungua utepe unadanganya.

Basi nikaweka donge bichi kiganjani nikawa nagonga huo mkono kwa mkono mwingine, juu pakang'aa maji, nikiminya yanapotea hapohapo. Hapo nikajua ni silti, yaani ule udongo kama unga unaoletwa na mto, mfinyanzi ungekaa tu bila kubadilika.

Donge lingine nikalianika mpaka likakauka kabisa (usiharakishe hii jamani), kesho yake nikalibonyeza kwa vidole likawa vumbi. La mfinyanzi lingegoma.

Tukapeleka sampuli maabara kabla ya kumwaga zege, maana mkono unakuambia aina, haukuambii utabeba mzigo gani.