Ile ishirini na saba elfu iliyonikosesha usingizi

Nlikuwa msaidizi wa mhazini kanisani, kazi niliyopewa kwa sababu eti mwandiko wangu unasomeka, si kwa sababu najua hesabu. Daftari lenyewe lilikuwa lile kubwa jeusi la mgongo mwekundu, tumelipiga mistari kwa rula: wiki zinashuka upande wa kushoto, aina za matoleo zimekaa juu, yaani sadaka ya kawaida, zaka, shukrani na ahadi zilizolipwa. Mwisho kulia kuna jumla ya wiki, chini kabisa kuna jumla ya kila aina. Na kwenye kona ya chini kulia kuna kichumba kimoja ambacho lazima ukifikie kwa njia mbili, ukijumlisha zile jumla za wiki kushuka na ukijumlisha zile jumla za aina kwenda pembeni, zote zitoe namba moja. Zisipotoa, umeharibu mahali.

Sasa mwezi ule, wiki nne tu, nikaharibu mahali. Kushuka nikapata 2,263,000. Pembeni nikapata 2,290,000. Nikarudia na kalkuleta mara tatu, ile ile, tofauti 27,000. Kesho yake jioni nilitakiwa nisome taarifa mbele ya wazee wa kanisa, na mimi nimekaa tu naangalia elfu ishirini na saba ambazo hata sijui zimetoka wapi. Nakiri nilikuwa nimeshatoa tipeksi kwenye begi.

Mama mhazini akanikuta hivyo hivyo. Alikuwa mtu mzima, kashika hayo madaftari miaka mingi, hana haraka. Akaniuliza, "Mwanangu, tofauti ni ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema, "Gawa kwa tisa." Nikagawa, ikatoka elfu tatu kamili bila baki. Akasema basi kuna namba umeigeuza, acha kujumlisha, tafuta.

Sikumwelewa ikabidi anieleze. Ukigeuza tarakimu mbili zinazokaa jirani, ukaandika 21 badala ya 12, kosa lako siku zote linagawanyika kwa 9. Na zaidi ya hapo, ukishagawa, jibu linakwambia tarakimu hizo zimepishana kwa ngapi. Letu limetoka 3 kwenye maelfu, kwa hiyo tafuta palipo na makumi elfu na maelfu yaliyopishana kwa tatu. Kuna makosa mengine nayo yanagawanyika kwa 9, mfano ukiongeza sifuri au ukiisahau, kwa hiyo siyo lazima iwe kugeuza, ila ndo pa kuanzia.

Ukurasa una vyumba kumi na sita. Tukapita na kidole kimoja kimoja, na vilivyobaki vikawa viwili tu, vyote vya shukrani: 30,000 ya wiki ya pili na 85,000 ya wiki ya tatu. Nikatoa karatasi za kuhesabia, zile zinazoandikwa Jumapili palepale mezani na watu watatu kisha wote wanasaini. Wiki ya pili ni 30,000 kweli. Wiki ya tatu imeandikwa 58,000. Mimi nimeandika 85,000, kwa mkono wangu, mwandiko unaosomeka vizuri kabisa!

Mnaweza kuuliza mbona jumla ya wiki ya tatu haikunishtua mapema. Kwa sababu sikuijumlisha mwenyewe, nilinakili tu 599,000 kutoka kwenye karatasi ya kuhesabia ambako ilikuwa sahihi, halafu chini kwenye aina nikajumlisha namba zangu mbovu. Mama alinisema sana kwa hilo, kuliko hata lile la kugeuza. Tipeksi akaichukua akaiweka kwenye mfuko wake na sikuiona tena. Nikapiga mstari mmoja juu ya 85,000 ili bado isomeke, juu yake nikaandika 58,000 kwa wino mwekundu, nikaweka herufi zangu na tarehe. Jumla ya shukrani ikashuka hadi 195,000, kona ikatoa 2,263,000 kushuka na pembeni. Nikafunga daftari nikasimama.

"Unaenda wapi?" Mama akatoa faili lake la slipu za benki. Kila Jumatatu yeye ndo anapeleka pesa, zote kama zilivyo bila kutoa matumizi kwanza. Tukaziweka slipu nne kando ya zile jumla za wiki. Wiki ya kwanza sawa, ya tatu sawa, ya nne sawa. Ya pili daftari linasema 483,000, benki imepokea 423,000.

Hapo moyo ulinienda mbio, maana sasa si suala la kugeuza namba, hizi ni 60,000 ambazo hazipo, na aliyezipeleka benki kakaa mbele yangu. Na nadhani aliona nilichowaza maana alitabasamu kidogo, akaniambia geuza ile karatasi ya kuhesabia.

Nyuma ya karatasi ndo wanaandika noti na sarafu, aina ngapi ngapi. Nikajumlisha noti, nikajumlisha sarafu: 423,000. Kwa hiyo mezani kulikuwa na 423,000 tangu mwanzo, ila mbele ya karatasi, kwenye ahadi, kulikuwa na 60,000, na siku ile hakuna ahadi nyingine yoyote iliyoingia. Tukafungua rundo la bahasha za wiki ile, ndani ya mojawapo kuna kadi tu, imeandikwa jina la mzee mmoja na "60,000". Mzee ametoa ahadi. Aliyekuwa anasoma bahasha akaisoma kama malipo, mwenzake akaandika, na waliohesabu noti hawakulinganisha nyuma na mbele kabla ya kusaini.

Na mimi na kona yangu hatukuweza kuliona hilo kabisa, maana 60,000 ya uongo iliingia kwenye wiki na kwenye aina kwa pamoja, kwa hiyo njia zote mbili zikakubaliana. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwenye ukurasa wa ahadi, jina la yule mzee lilikuwa tayari na tiki ya kumaliza kulipa, kwa hiyo asingekumbushwa na mtu.

Basi kalamu nyekundu tena, mara hii na saini ya mama pembeni ya yangu. Ahadi za mwezi zikatoka 400,000 kuwa 340,000, kona ikawa 2,203,000, sawa na slipu za benki zikijumlishwa. Tiki ya mzee tukaikata, pakabaki ahadi 60,000, aliyolipa hakuna.

Jumapili iliyofuata akaleta 40,000 mwenyewe, akaniomba kwa upole nimwandikie kwenye ile wiki ya pili, "si ndo siku niliyoahidi, mwanangu". Nikamwambia shikamoo mzee, ahadi yako nimeiacha kwa tarehe yako ile ile, lakini pesa inaandikwa wiki iliyoingia mkononi. Akaangalia ule ukurasa wenye mistari miekundu, akacheka, akaniuliza salio lake. Ishirini, nikamwambia, na kabla sijaiandika nikaisoma tena kwa sauti.