Nilivyoomba kufanyia kazi nyumbani siku 2 kwa wiki

Kazi yangu ni kulipa wauzaji wanaoidai kampuni. Ankara zikinifikia nazilinganisha na hati ya kuagizia na hati ya kupokelea mzigo, naziingiza kwenye mfumo, na kila Alhamisi naandaa orodha ya malipo ambayo mkuu wangu huiidhinisha. Kinachonila muda zaidi ni kulinganisha taarifa za wauzaji, yaani hesabu wanazotuletea za wanachotudai, na vitabu vyetu. Kazi hiyo haitaki kukatizwa. Ukiinua kichwa kumjibu mtu, ukirudi hujui uliishia mstari gani, unaanza upya.

Mara ya kwanza niliomba vibaya. Nilimkuta mkuu jioni anafunga mkoba wake, nikamweleza pale pale mlangoni habari za safari ndefu ya asubuhi, uchovu na kelele za ofisini. Alinisikiliza kwa upole, akasema, "Tutaona." Wiki 3 zikapita kimya. Nilipotulia nikaelewa kwa nini. Nilikuwa nimemweleza shida zangu, na maswali yote magumu nikamwachia yeye: nani atapokea karatasi, nitapatikanaje, malipo yatalindwaje. Mtu aliyebebeshwa maswali yote hayo jioni akielekea kwake, njia nyepesi ni kunyamaza.

Kabla ya kurudi kwa mkuu nilihesabu. Kwa wiki 2 niliandika kila siku nimemaliza taarifa za wauzaji wangapi. Siku ya kawaida zilikuwa 4. Jumamosi moja niliyoingia peke yangu, nilimaliza 9. Nilijua siku moja haithibitishi jambo, na ndiyo maana nilichoomba ni majaribio ya wiki 6, si ruhusa ya kudumu.

Nikachagua siku kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe. Jumatatu barua na ankara za karatasi huwa nyingi, Alhamisi ni malipo, na Ijumaa tunafunga wiki. Zikabaki Jumanne na Jumatano. Siku za kufunga mwezi nikaziacha nje kabisa: siku 3 za mwisho wa mwezi na 3 za mwanzo nitakuwa ofisini, hata zikiangukia siku zangu za nyumbani. Halafu nilizungumza na mwenzangu wa masjala kabla ya kwenda kwa mkuu, kwa sababu yeye ndiye angeskani ankara nisipokuwepo. Nisingependa asikie mzigo wake mpya kutoka kwa mtu mwingine. Alikubali, ila akaniomba nisimtumie maombi ya haraka baada ya saa 9 alasiri.

Ndipo nikamwandikia mkuu ujumbe mfupi: "Mzee, shikamoo. Naomba dakika 20 wiki hii tuzungumze kuhusu jinsi ya kupunguza taarifa za wauzaji zilizorundikana. Nina pendekezo, nitakuletea ukurasa mmoja." Sikutaja nyumbani kwenye ujumbe. Sikuwa na nia ya kuficha. Rundo hilo lilikuwa linamsumbua yeye pia, na nilitaka mazungumzo yaanzie hapo.

Ukurasa wenyewe ulianza hivi: "Naomba kufanyia kazi nyumbani Jumanne na Jumatano kwa wiki 6, ili nimalize taarifa zilizobaki. Nitapatikana kwa simu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na simu nisiyoipokea nitaipigia ndani ya dakika 15. Mtandao ukikatika nitakujulisha mara moja na kutumia bando la simu. Mtandao usiporudi sawasawa ndani ya saa 1, nitakuja ofisini. Wewe au mimi tunaweza kusitisha mpango huu kwa taarifa ya wiki 1, bila kinyongo."

Aliusoma mara mbili. Swali lake la kwanza lilikuwa la fedha, na nilifurahi nilikuwa nimelifikiria. Ofisini nikipata maelekezo ya kumlipa mtu, nageuka tu na kumwuliza mkuu. Nyumbani kila kitu kinakuja kwa maandishi, na tapeli anaweza kuandika baruapepe inayofanana na yake, au na ya muuzaji anayedai amebadilisha akaunti ya benki. Kwa hiyo nilipendekeza kwamba maelekezo ya malipo yaliyoandikwa tu yasihesabike mpaka nimempigia na kusikia sauti yake. Muuzaji akibadilisha akaunti, nimpigie kwa namba iliyomo kwenye faili letu la zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe huo huo. Na akaunti mpya iingizwe kwenye mfumo na mtu mwingine, si mimi ninayeandaa malipo. Karatasi za ofisi zisitoke ofisini, nisichapishe chochote nyumbani, na kompyuta ya kazini isiguswe na mtu mwingine wa nyumba yangu.

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama ningekubali kuwekewa programu ya kupiga picha skrini yangu. Swali lilinichoma, lakini lilikuwa halali. Nikamjibu, "Mzee, ukiona inafaa nitakubali. Ila picha itakuonyesha kwamba nimekaa, haitakuonyesha kama hesabu zimelingana. Naomba kila Jumatano jioni nikutumie orodha ya taarifa nilizomaliza, nawe uchague 2 zozote uzikague mwenyewe." Akafikiri. "Hiyo nitaielewa vizuri zaidi," akasema.

Nami nikaomba jambo moja: akiwa na mashaka nami, aniambie wiki hiyo hiyo, asiyaweke moyoni mpaka mwisho wa majaribio. Akaliandika kwa mkono wake chini ya ukurasa, tukatia saini sote wawili. Nilitoka na nakala yangu.

Wiki ya 3, Jumanne saa 4 asubuhi, mtandao ulikatika. Bando lilishika kwa kusuasua, mfumo ukawa unanitoa kila baada ya dakika chache. Nilimpigia mkuu, na saa 5 nikafunga kompyuta nikaelekea ofisini. Nilipoteza karibu asubuhi nzima. Aliponiona naingia hakusema kitu, alitikisa kichwa tu na kuendelea na simu yake. Ila Jumatano hiyo alikagua taarifa 1 badala ya 2, na tangu hapo hakurudi kwenye 2.

Mwisho wa majaribio tulikaa tena na ule ukurasa. Siku za nyumbani nilikuwa namaliza wastani wa taarifa 6, si zile 9 za Jumamosi, kwa sababu simu za wauzaji hazikomi popote ulipo. Nilimwonyesha hesabu hiyo kama ilivyo. Taarifa 4 zilihitaji hati ambazo hazikuwa zimeskaniwa, nazo zilisubiri hadi Alhamisi. Hapo ndipo mpango ulipokuwa umepwaya: mwenzangu wa masjala alikuwa na kazi zake, na ankara za Jumatatu zilimzidi.

Mkuu akapendekeza mimi mwenyewe niziskani Jumatatu jioni kabla ya kutoka, hata nikichelewa nusu saa. Nikakubali. Tukafuta neno "majaribio", tukaweka tarehe ya kukaa tena baada ya miezi 6, na kipengele cha kusitisha kwa wiki 1 tukakiacha palepale kilipokuwa.